Laptopu ya tachi isiyosikia kidole au inayojigusa yenyewe: jua kosa lilipo kabla ya kuagiza kioo

Wenye laptopu za tachi wengi hapa kusini humfikia fundi wakiwa na hukumu tayari: "Kioo kimekufa, niagizie kingine Kariakoo." Huenda ni kweli. Lakini kioo cha kugusa ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi kwenye mashine ya namna hiyo, kinasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500 kufika Mtwara, na kikishafungwa kisha ukagundua tatizo lilikuwa chaja, duka halikipokei tena. Kwa hiyo kabla ya bisibisi kutoka kwenye boksi, kuna kazi ya kuuliza maswali mawili: kosa linatokea wapi kwenye skrini, na linatokea wakati gani?

Majibu yake yanakuongoza karibu safari nzima. Tachi iliyozima skrini yote kwa ghafla, bila mpasuko wala kuanguka, anza kushuku draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia tachi, au chipu iliyoganda. Miguso ya uongo inayorukaruka, leo juu kesho chini, na hasa inayokuja chaja ikichomekwa, anza na umeme na uso wa kioo. Kosa lililoganda mahali pamoja, mstari uleule au kona ileile siku zote, hilo ndilo linaloelekea kwenye kioo chenyewe au fleksi yake, ule utepe mwembamba wa nyaya unaokiunganisha na mashine.

Ili upimaji huu ueleweke, ni vizuri kujua tachi inavyokuhisi. Chini ya kioo kuna gridi ya nyuzi nyembamba zinazopitisha umeme, nyembamba kiasi kwamba hazionekani. Gridi hiyo pamoja na kioo chake ndiyo mafundi wanaita digitaiza. Chipu ndogo inapima chaji kwenye kila makutano ya nyuzi, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kidole kinapitisha umeme, kwa hiyo kikikaribia makutano fulani chaji ya pale inabadilika kidogo, na chipu inasema: hapa pameguswa. Haipimi mkandamizo hata kidogo. Ndiyo maana kubonyeza kwa nguvu hakusaidii, ndiyo maana tone la maji linaweza kuhesabiwa kidole, na ndiyo maana umeme mchafu wa chaja unaweza kuifanya chipu ione vidole visivyokuwepo.

Kwanza inyamazishe

Kama skrini inajigusa, huwezi kufanya kipimo chochote huku inakufungia madirisha na kukufutia kazi. Chomeka kipanya cha USB. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua `Device Manager`, fungua `Human Interface Devices`, bofya kulia kwenye `HID-compliant touch screen`, kisha `Disable device`. Ukiona mistari miwili yenye jina hilo, zima yote miwili.

Hatua hii ina faida ya pili ambayo watu huipita. Kama umezima tachi na bado mshale unaruka na madirisha yanajifungua, basi tachi haina hatia. Shuku padi ya kugusia iliyo chini ya kibodi, kipanya chenyewe, au kitufe kilichonasa. Umeokoa fedha ya kioo kwa mibofyo michache. Na kama una kazi ya haraka, laptopu inaweza kuendelea hivyohivyo kwa kipanya hata miezi. Kuzima tachi hakuharibu kitu.

Draiva: kuirudisha upya

Sasa upande wa tachi isiyosikia kabisa. Nenda `Settings`, kisha `System`, kisha `About`, usome mstari wa `Pen and touch`. Ukikuta `Touch support with 10 touch points`, Windows inaiona tachi, na tatizo liko mbele zaidi. Ukikuta `No pen or touch input is available for this display`, Windows haijui kama kuna tachi.

Usianze kupakua kitu. Anza kwa kuiondolea mashine umeme wote, maana chipu ya tachi huganda kama kifaa kingine chochote. Kwenye Windows za siku hizi `Shut down` ya kawaida haizimi kila kitu, kwa sababu mfumo huhifadhi sehemu yake ili uwake haraka kesho. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya `Shut down`. Mashine ikizima, chomoa chaja, flashi na kila kilichochomekwa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Washa. Hatua hii peke yake inafufua tachi nyingi zilizokufa baada ya laptopu kulala usingizi au betri kuisha ghafla.

Haikusaidia? Rudi `Device Manager`. Bofya kulia `HID-compliant touch screen`, chagua `Uninstall device`, halafu kwenye menyu ya juu bofya `Action` na `Scan for hardware changes`. Windows itaiweka upya bila kuhitaji intaneti, kwa sababu draiva ya msingi ya tachi inakuja ndani ya Windows yenyewe. Hapa nasisitiza: zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote za mashine yako zinakula bando na kuacha matangazo. Hakuna draiva ya ajabu ya tachi inayojificha huko.

Kama jina lenyewe halipo kwenye orodha, bofya `View`, kisha `Show hidden devices`. Jina likitokea lakini limefifia, maana yake Windows iliwahi kuiona tachi hii na sasa haiioni. Unaweza kupata jibu hilohilo kwa kufungua PowerShell na kuandika:

```
Get-PnpDevice -FriendlyName "*touch screen*"
```

`OK` ni salama, `Error` ni kifaa kipo ila kimegoma kuanza, na `Unknown` kwa kawaida ni kifaa kilichokuwepo ambacho sasa hakionekani. Huyu wa mwisho, akiendelea hivyo baada ya kuondoa umeme wote, anaelekeza kwenye fleksi au chipu, si kwenye programu.

Kuna hali moja inayopoteza wakati wa watu sana: laptopu imewekewa Windows mpya, na tangu siku hiyo tachi haipo. Mara nyingi padi ya kugusia nayo imepotea au inasuasua. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinaunganisha tachi kwa njia iitwayo I2C, na njia hiyo inahitaji draiva yake kabla ya tachi kuonekana. Kwenye mashine za Intel, angalia chini ya `System devices` kama kuna `Intel(R) Serial IO I2C Host Controller`. Kama haipo, na badala yake unaona `Other devices` yenye alama ya njano ya mshangao, umeshapata mchawi. Nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko cha chini, pakua draiva ya `Serial IO` na ya `Chipset`, weka zote mbili, washa upya. Tachi inarudi yenyewe.

Kwa tachi inayofanya kazi asubuhi na kufa kila laptopu inapoamka kutoka usingizini, fungua `I2C HID Device` chini ya `Human Interface Devices`, `Properties`, na kama kichupo cha `Power Management` kipo, ondoa alama kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Kichupo kisipokuwepo, unaweza kuiwasha upya tachi peke yake bila kuzima mashine. Fungua Command Prompt kwa `Run as administrator`, kisha:

```
pnputil /restart-device "DEVICE-INSTANCE-PATH"
```

Maandishi ya kuweka ndani ya alama za nukuu unayapata kwenye `Properties` ya tachi, kichupo cha `Details`, ukichagua `Device instance path`. Amri hii inahitaji Windows 10 toleo la 2004 au jipya zaidi.

Kuhusu kusahihisha tachi kwa `Calibrate the screen for pen or touch input`, niseme machache. Hiyo inafaa kwa kosa moja tu: unagusa hapa, mguso unatokea pembeni kidogo, kwa kipimo kilekile skrini nzima. Haiponyi tachi isiyosikia wala inayojigusa. Watu wengi wameivuruga zaidi kwa kusahihisha huku skrini ikijigusa, kwa hiyo ukiingia kwenye dirisha hilo anza na kitufe cha `Reset`. Na kama unagusa laptopu halafu kinachobofywa kiko kwenye projekta, bofya `Setup` kwenye dirisha hilohilo uionyeshe Windows ni skrini ipi ya kugusa.

Umeme wa chaja

Huku kwetu hiki ndicho chanzo cha miguso ya uongo ninachokishuku mapema kuliko vyote. Kipimo chake ni chepesi: chomoa chaja, tumia betri kwa robo saa. Miguso ikikoma, rudisha chaja. Ikianza tena, kioo chako ni kizima.

Kinachotokea ni hivi. Chaja inabadilisha umeme wa volti 230 kuwa volti chache za laptopu kwa kuukatakata kwa kasi kubwa, na mabaki ya kelele hiyo yanatakiwa yaende ardhini kupitia waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, mabaki yanakaa kwenye bodi ya laptopu, na wewe unapogusa skrini unakuwa ndiyo njia ya kwenda ardhini. Chipu ya tachi, inayopima chaji ndogo mno, inachanganyikiwa. Dalili yake unaweza kuihisi mkononi: pitisha mgongo wa kidole taratibu juu ya bodi ya chuma ya laptopu inayochajiwa. Ukisikia kama inakwaruza au inatekenya, na ukichomoa chaja panakuwa laini, ethi haipo.

Sasa fuata waya. Chaja yenye waya wa matundu mawili, ule wenye umbo la nane, haina ethi kabisa tangu kiwandani. Yenye matundu matatu inayo, mradi waya wake uwe mzima. Kisha tazama plagi: ule mguu mrefu wa juu kwenye plagi yetu ya miguu mitatu ndio wa ethi. Kwenye plagi nyingi za bei ya chini mguu huo ni wa plastiki, upo tu wa kufungulia soketi. Halafu ekstensheni. Nyingi za sokoni zina matundu matatu kwa juu, lakini ndani waya ni miwili. Mwisho ni nyumba yenyewe, ambayo huenda haina fimbo ya ethi, na hilo ni la fundi umeme mwenye leseni, usilifanye mwenyewe kwa msumari na kipande cha waya.

Inveta za sola za bei nafuu nazo zina kisa chao, kwa sababu umeme wake hautoki laini kama wa gridi na chaja inautafsiri kwa kelele zaidi. Mwenye laptopu ya tachi kijijini anayetumia inveta ya namna hiyo afanye kazi kwa betri na achaji wakati hatumii. Hiyo ndiyo suluhu ya bei ya bure.

Protekta na uso wa kioo

Kabla hujagusa protekta, hakikisha ni protekta. Kuna laptopu za tachi ambazo skrini yake haina kioo juu, uso wake ni wa utando usiong'aa, na utando huo ni sehemu ya skrini. Ukiubandua, picha inapotea na hakuna gundi itakayoirudisha. Tazama ukingo: protekta inaishia milimita moja au mbili kabla ya fremu, au ina kona zilizokatwa kwa mviringo ambazo ukucha unazihisi. Utando wa skrini unaingia chini ya fremu na huoni mwisho wake. Usipoona mwisho, acha.

Protekta nyembamba ya plastiki iliyoshikana vizuri kwa kawaida haina madhara. Shida ni tatu. Moja ni unene: kioo kigumu cha protekta kinakiweka kidole mbali na gridi, na tachi ambayo tayari ilikuwa dhaifu inaanza kupoteza miguso, hasa ukiburuta. Ya pili ni protekta iliyogundishwa pembezoni tu, ikiacha hewa katikati. Kidole kinasikika pembeni, katikati hakisikiki. Ya tatu, na hapa pwani ndiyo kubwa, ni unyevu. Shangani, Mikindani au Lindi mjini, upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi inavuta maji. Protekta ikishainuka ukingo, jasho, vumbi na unyevu huo vinaingia chini yake na kutengeneza doa linalopitisha umeme. Chipu inaliona kama kidole kilichotulia, au kama vidole vinavyotembea pale laptopu inapopata joto.

Kuibandua, zima mashine kabisa. Pasha kona moja kwa draya ya nywele kwenye joto la chini, ukiisogeza, usiiweke mahali pamoja. Ingiza kadi ya plastiki, kamwe si kisu wala wembe, kisha vuta protekta ikiwa imelala karibu sambamba na skrini, taratibu, bila kuinyanyua wima. Kama ni ya kioo na imepasuka, funika yote kwa selotepu pana kwanza ili vipande vitoke pamoja.

Kwa kusafisha, lowesha kitambaa laini cha kufutia miwani, si skrini. Maji yaliyochemshwa yakapoa hayafai hapa kwa sababu chumvi zake zinabaki. Tumia maji ya betri yasiyo na tindikali, yale yaliyoondolewa chumvi yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, na usome lebo vizuri maana tindikali inauzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Kwa mafuta ya mikono au gundi iliyobaki, spiriti ya asilimia 70 kidogo kwenye kitambaa inatosha, si kila siku, kwa sababu inachosha utando unaozuia alama za vidole. Petroli, thina na dawa za kufulia ziache kabisa. Kausha kingo, subiri dakika kumi, washa.

Kama baada ya hayo tachi imepona, kaa wiki moja bila protekta kabla ya kuweka nyingine. Kwa maoni yangu laptopu haihitaji protekta jinsi simu inavyoihitaji. Kifuniko chake kinafungwa. Hatari ni punje ya mchanga iliyosahauliwa kwenye kibodi unapofunga, na hiyo dawa yake ni kupangusa kibodi.

Digitaiza iliyochoka: jaribio la mistari

Tachi haichakai kwa kuguswa jinsi kitufe kinavyochakaa kwa kubonyezwa. Nyuzi za gridi ziko chini ya kioo, kidole hakizifikii. Kinachochoka ni utando wa juu unaofanya kidole kiteleze, gundi ya kingo, konekta zinazoshika kutu ya chumvi, na zaidi ya vyote fleksi inayopita kwenye bawaba na kukunjwa kila unapofungua na kufunga.

Fungua Paint, ipanue ijae skrini, chagua brashi. Kwa kidole kimoja chora mistari ya mshazari kutoka kona hadi kona, ukiacha kama upana wa vidole viwili kati ya mstari na mstari, hadi skrini ijae. Kisha rudia kwa mshazari wa upande wa pili. Usichore wima na mlalo tu, maana mstari unaweza kupita sambamba na uzi uliokufa usiuone. Sasa tazama. Mistari yote ikikatika kwenye ukanda uleule ulionyooka, wima au mlalo, uzi au nyuzi za pale zimekatika. Ikikatika ovyoovyo, kila mara mahali tofauti, bado uko kwenye umeme, uchafu au draiva.

Ukipata ukanda, rudia huku mtu mwingine akibadilisha pembe ya kifuniko polepole, kutoka karibu kufungwa hadi mwisho. Ukanda unaokuja na kuondoka kadiri bawaba inavyosogea, au tachi inayokufa yote kwenye pembe fulani, ni fleksi au konekta. Hiyo ni nafuu kuliko kioo, na mara nyingine ni konekta iliyolegea tu inayohitaji kuchomolewa, kusafishwa kwa spiriti ya asilimia 99 na kurudishwa. Ukanda usiotikisika kwa pembe yoyote ni wa digitaiza.

Ukitaka kuiondolea Windows lawama kabisa, washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuiweka kwenye diski, ujaribu tachi humo. Ikifanya kazi, kioo na fleksi ni vizima. Isipofanya, si ushahidi kamili, kwa sababu kuna tachi ambazo Linux haizijui. Laptopu nyingine zinakubali kidole ndani ya menyu ya BIOS, na baadhi zina kipimo chake cha tachi kabla ya Windows kuwaka. Ukiwa humo, hakikisha pia hakuna aliyeizima tachi. Mashine kadhaa zina kipengele cha `Touchscreen` ambacho mtu anaweza kukiondolea alama bila kujua.

Jambo moja halisubiri kipimo chochote. Kama laptopu yako ni ya aina ya tableti, ambayo betri iko nyuma ya skrini, na miguso ya uongo imeanza pamoja na kioo kuinuka ukingo au picha kuwa na doa jeupe, betri inavimba. Zima, usiichaji tena, usiibonyeze ikae, ipeleke kwa fundi.

Mashine ya karani

Nieleze mashine moja ilivyopimwa, kwa sababu ilikuwa na makosa matatu yaliyopandana, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Ni laptopu ya kugeuza ya inchi 14, ya karani wa AMCOS upande wa Tandahimba, imefika katikati ya msimu wa korosho. Maelezo yake: "Inajibofya yenyewe fundi, inafunga karatasi ya mahesabu nikiwa naandika. Nadhani ina kirusi." Mtu mwingine alishamwambia abadilishe kioo.

Tachi ilizimwa kwenye `Device Manager`, mibofyo ikakoma papo hapo, kwa hiyo kirusi kikatoka kwenye orodha. Ikawashwa tena, chaja ikachomolewa. Mibofyo ya katikati ya skrini iliisha, lakini ukingo wa chini kulia ulibaki unajigusa mara mojamoja. Hapo tayari tulijua ni zaidi ya kitu kimoja: kinachotegemea chaja, na kisichoitegemea.

Protekta yake ilikuwa ya kioo, ya tableti kubwa, iliyokatwa ili ienee. Kona ya chini kulia ilikuwa imeinuka, na chini yake kulikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, vumbi lililochanganyika na mafuta ya mikono, wenye ubichi ulioonekana ukiinamisha skrini kwenye mwanga. Ilipobanduliwa na uso kusafishwa, kona ikatulia. Ikarudishwa chaja, kupitia ekstensheni aliyokuja nayo: mibofyo ikarudi, katikati ya skrini. Chaja ileile moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye ethi: kimya. Ekstensheni ilipofunguliwa, ndani kulikuwa na waya mbili, na tundu la tatu halikuwa na kitu nyuma yake.

Kisha jaribio la Paint. Karibu na ukingo wa kushoto mistari yote ya mshazari ilikatika kwenye ukanda wa wima, upana wa kama kidole gumba. Kifuniko kiligeuzwa hadi mwisho, ukanda haukutikisika. Huo ni uzi uliokufa kwenye digitaiza, na hakuna draiva wala usafi utakaoufufua. Lakini ukanda huo haukuwa na kinachobofywa zaidi ya ukingo wa jedwali lake, na haukuwa ndio uliomleta. Alirudi Tandahimba na ekstensheni yenye waya tatu, bila protekta, na kioo kilekile. Akipenda atakibadilisha minada ikiisha.

Ukilazimika kuagiza

Ikithibitika kwamba ni kioo, usiagize kwa jina la laptopu pekee. Jina moja la modeli linaweza kuwa na skrini za tachi na zisizo za tachi, na zote zinaingia kwenye fremu ileile. Namba inayoaminika ni ile iliyo kwenye kibandiko cha mgongo wa skrini yenyewe, ambayo fundi anaiona akishafungua fremu. Piga picha yenye herufi zote hadi ya mwisho, kwa sababu herufi moja ya mwisho inaweza kuwa ndiyo tofauti ya tachi. Angalia pia konekta. Skrini nyingi ambazo tachi imejengewa ndani yake hutumia konekta ya pini 40 inayobeba picha na tachi pamoja, ilhali ndugu zake wasio na tachi wana pini 30. Ukinunua ya pini 30, hata kama picha ingepatikana, tachi haitakuwepo.

Kwenye laptopu ambazo kioo cha juu kimegundishwa na skrini, agiza vyote viwili vikiwa vimeshaunganishwa. Kutenganisha kwa joto kunawezekana, ila kunataka mashine ya kugandisha bila viputo, na bila hiyo unaishia na vumbi katikati na skrini iliyopasuka. Kipuri kikifika, kichomeke kabla ya kukibandika: unganisha fleksi, washa, fanya jaribio la mistari skrini nzima, pande zote mbili za mshazari, huku utando wake wa kiwandani haujatolewa. Ukanda wowote ukionekana hapo, kifungashe urudishe kwa basi linalofuata.